Fatwa ni nini, nani huitoa, na inamfunga nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali ya fatwa hapa kwetu mwambao huanza mara nyingi na mambo ya nyumbani, na hakuna jambo la nyumbani linalowapeleka watu mbio kwa sheikh kama talaka. Kwa hiyo badala ya kupita juu juu kwenye kila kitu, majibu haya yanafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano ni wa kubuni, lakini hauko mbali na yanayotokea.

Mke yuko Lamu, mtaa wa Langoni, na watoto. Mume anafanya kazi Malindi. Usiku mmoja wanagombana kwa simu juu ya pesa za matumizi. Mume anakata simu, halafu anatuma ujumbe wa Watsapu: "Nimekuacha. Talaka tatu. Nenda kwenu." Kabla ya alfajiri anapiga simu, sauti imemkauka, anasema alikuwa amekasirika na hakukusudia kumwacha. Mke hajui kama bado ana mume au hana. Wote wawili ni Sunni wa madhehebu ya Shafii, kama walivyo wengi wa watu wa Lamu na Malindi.

Fatwa ni nini hasa?

Ni jibu la mwanachuoni kwa mtu aliyemuuliza hukumu ya dini katika jambo lililompata. Anayejibu anaitwa mufti. Anayeuliza ni muumini ambaye jambo limemfika na yeye hana elimu ya kulitatua. Msingi wake umo katika Qurani, Sura An-Nahl aya ya 43, inayowaamuru wasiojua wawaulize wanaojua.

Mufti huchukua yale uliyomwambia kama ulivyomwambia. Haiti mashahidi, hamlazimishi mtu mwingine kuja mbele yake, wala hana askari wa kutekeleza alichosema. Jibu lake hasa lina sura hii: ikiwa mambo ni kama ulivyoeleza, basi hukumu ya Mwenyezi Mungu kwa ninavyoijua ni hii. Hilo "ikiwa" lina uzito mkubwa. Ukimficha mufti nusu ya habari, utapata fatwa sahihi ya mtu mwingine ambaye si wewe.

Mbona kwenye habari fatwa inatajwa kama hukumu ya kifo?

Kwa sababu ya fatwa moja iliyosikika dunia nzima, ile ya Ayatollah Khomeini ya Februari 1989 dhidi ya mwandishi Salman Rushdie. Tangu hapo watu wengi nje ya Uislamu hawajasikia nyingine. Fatwa zinazoulizwa kila siku ni za udhu, saumu, mirathi, mikopo, nadhiri na ndoa. Ya yule mke wa Langoni ni fatwa kamili, hata kama itatolewa kwa dakika kumi ukumbini kwa sheikh na isiandikwe popote.

Nani ana haki ya kutoa fatwa?

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), ambaye ni nguzo kubwa ya madhehebu ya Shafii, ameeleza sifa za mufti kwa urefu. Awe Mwislamu mwenye akili timamu na aliyebaleghe, awe mwaminifu, ajiepushe na mambo ya fasiki na yanayovunja heshima, na awe na fahamu safi ya fikihi.

Zamani neno mufti lilikusudiwa mujtahidi, yaani mwenye uwezo wa kutoa hukumu moja kwa moja kutoka Qurani, hadithi, ijmaa ya wanazuoni na kiyasi cha mambo yanayofanana. Wengi wa masheikh wetu hawadai daraja hiyo. Wao ni wa daraja ya pili: wamesoma madhehebu kitabu baada ya kitabu mbele ya walimu, wanajua kauli ipi katika madhehebu ndiyo ya kutegemewa na ipi ni dhaifu, na wanakufikishia ile ya kutegemewa. Hiyo ni fatwa halali. Hivyo ndivyo walivyosomeshwa watu wa Riyadha, msikiti na madrasa iliyoasisiwa na Habib Swaleh hapa Lamu: mwanafunzi hukaa miaka chini ya mwalimu kabla ya kuthubutu kumjibu mtu swali la talaka.

Kumbe basi si kila mwenye kanzu na sauti nzuri ya mimbari ni mufti. Mtu anaweza kuwa hafidhi wa Qurani, khatibu hodari au mwalimu mzuri wa chuo, na asiwe na elimu ya mlango wa talaka. Kwa maoni yangu, alama ya kwanza ya kumtambua mwenye elimu ni kwamba anauliza sana kabla ya kujibu, na haoni haya kusema "sijui". Imepokewa kwamba Imam Malik aliulizwa maswali 48, akajibu 32 kati yake kwa kusema hajui.

Na hatari ya kujibu bila elimu haikuanza leo. Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa habari ya mtu aliyepasuka kichwa safarini, kisha akaamka na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana, kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, alikasirika sana akasema kwamba wamemuua, na kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale hawakuwa na nia mbaya. Walijibu tu.

Mwanamke anaweza kuwa mufti?

Ndiyo. Nawawi ametaja wazi kwamba katika fatwa mwanamume na mwanamke ni sawa. Bibi Aisha aliulizwa na masahaba wakubwa naye akawajibu. Ukadhi ndio ambao madhehebu ya Shafii yameushurutisha kwa mwanamume. Mke wetu wa Langoni akiona haya kumwambia mwanamume habari za hedhi yake, anaweza kuanzia kwa mwalimu wa kike mwenye elimu, na wapo wanaojua mlango wa eda kuliko maimamu wengi.

Mufti wa Kenya ni nani?

Kenya haina mufti wa serikali. Zanzibar ina ofisi ya Mufti iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2001, na Tanzania Bara na Uganda nako yuko mwenye cheo hicho katika jumuiya za Waislamu. Kwetu aliyeko kwa mujibu wa Katiba ni Kadhi Mkuu pamoja na makadhi walio chini yake, na kazi yao ni mahakama. Kadhi anaweza kuwa mwanachuoni anayejibu maswali nje ya mahakama, na wengi hufanya hivyo, lakini akijibu barazani anajibu kama mufti, na akikaa kitini anahukumu. Mtu yule yule mmoja, na maneno yake yana nguvu mbili tofauti.

Turudi kwenye mfano. Yule mke akienda kwa sheikh, ataulizwa nini?

Sheikh anayejua kazi yake hatasema "umeachika" wala "hujaachika" kwa kusomewa ujumbe tu. Kwanza atataka kumsikia mume mwenyewe, kwa simu au kwa kuitwa avuke, kwa sababu jambo lenyewe liko moyoni mwa mume.

Ataanza na swali ambalo watu husahau: ni yeye aliyeandika? Simu huchezewa na watoto, hushikwa na marafiki, na kuna watu wana uadui. Mume akikubali kwamba ni mkono wake, swali la pili ni kama alitamka kwa ulimi au aliandika tu. Hapa ndipo madhehebu ya Shafii yana maelezo ambayo wengi hawayajui. Talaka ya kutamkwa kwa neno la wazi hupita hata kama mume atasema hakukusudia. Lakini mtu anayeweza kusema, akiandika talaka bila kuitamka, maandishi yake yanahesabiwa ni kinaya, yaani tamko lisilo wazi. Bila nia, ni maneno matupu. Akiwa na nia ya kuacha wakati anaandika, basi kwa kauli yenye nguvu talaka imepita.

Kwa hiyo swali la tatu ndilo zito: wakati kidole kinaandika, ulikuwa umekusudia kumwacha mkeo, au ulikuwa unamtisha, au unataka kumuumiza roho? Sheikh atamkumbusha kwamba anajibu mbele ya Mwenyezi Mungu. Kuna mfano wake katika hadithi ya Rukana, aliyemwacha mkewe kwa tamko lenye kubeba maana zaidi ya moja, Mtume akamuuliza alikusudia nini, akaapa kwamba alikusudia moja tu, na akarudishiwa mkewe.

Kisha atauliza kuhusu hasira. Watu wengi wanaamini kwamba talaka ya hasira haipiti. Kwa Shafii hasira haizuii talaka, kwani ni nani anayeacha mke akicheka? Isipokuwa hasira iliyoondoa akili kabisa, mtu akawa hajui anachosema wala kufanya. Mtu aliyetafuta jina la mkewe kwenye simu, akaandika sentensi tatu zilizonyooka na kuzituma, atapata shida kudai kwamba akili ilikuwa imeondoka.

Yabaki maswali ambayo jibu lake linabadilisha hesabu. Je, aliwahi kumwacha kabla ya hapo, na mara ngapi? Mke alikuwa katika hedhi au twahara? Kumwacha mke katika hedhi ni dhambi, lakini kwa madhehebu manne talaka inahesabiwa. Ana mimba? Hilo ni kwa ajili ya eda.

Na jibu lenyewe litakuwaje?

Litategemea alichosema mume. Tuyachukue majibu matatu.

Ikiwa mume ataapa kwamba aliandika kutisha tu, hakukusudia talaka hata chembe, wala hakutamka, sheikh wa Shafii atawaambia kwamba talaka haikupita na ndoa yao iko kama ilivyokuwa. Atamkemea mume, na ana haki ya kumkemea.

Ikiwa mume atakubali kwamba alikusudia kuacha, ataulizwa tena alikusudia ngapi. Akisema moja, na ndiyo ya kwanza, hiyo ni talaka rejea. Mke anakaa eda ya twahara tatu, au mpaka ajifungue ikiwa ana mimba. Ndani ya eda mume anaweza kumrejea bila ndoa mpya wala mahari, lakini kwa Shafii ni lazima atamke kwa ulimi kwamba amemrejea. Kurudi kitandani peke yake si kurejea. Eda ikiisha bila kurejewa, hapana budi ndoa mpya kwa ridhaa ya mke.

Ikiwa atakiri kwamba alikusudia tatu, basi kwa madhehebu manne yote zimepita tatu. Hana tena njia ya kumrudia mpaka mke aolewe na mume mwingine kwa ndoa ya kweli, waingiliane, kisha ndoa hiyo iishe kwa kifo au talaka. Ile ya kumpangia mtu amwoe usiku mmoja ili amhalalishe, Mtume amemlaani anayefanya na anayefanyiwa. Sheikh atakayekupangia hilo mkimbie.

Binamu yangu kamuuliza sheikh mwingine, kaambiwa tatu kwa mpigo ni moja tu. Nani mkweli?

Wote wawili wanaweza kuwa wakweli katika kunukuu. Katika Sahihi Muslim kuna hadithi ya Ibn Abbas kwamba talaka tatu zilikuwa zikihesabiwa moja zama za Mtume, zama za Abubakar na miaka miwili ya mwanzo ya Umar, kisha Umar akazipitisha kuwa tatu watu walipoanza kuzichezea. Wanazuoni wa madhehebu manne wakaifahamu hadithi hiyo kwa namna zao na wakasimama kwenye tatu. Ibn Taymiyya, aliyefariki 1328, akashikilia kwamba ni moja, na leo masheikh wengi wanafuata kauli yake. Pwani yetu kuna Mashia Ithnaasheri pia, na kwao hata hiyo moja isingepita kwa ujumbe wa simu, kwani wanashurutisha tamko maalumu na mashahidi wawili waadilifu.

Tofauti hii ni ya zamani na ya watu wenye elimu. Huna haja ya kumtukana sheikh yeyote kwa ajili yake.

Basi nichague jibu lililo jepesi kwangu?

Hapa ndipo watu huharibu. Nawawi amenukuu kauli kadhaa za wanazuoni juu ya muulizaji aliyepata fatwa mbili zinazopingana: wengine wamesema achukue iliyo nzito, wengine nyepesi, wengine amtafute mwenye elimu na uchamungu zaidi, wengine amuulize wa tatu, na wengine wamempa hiari. Kwa hiyo si kweli kwamba huna ruhusa kabisa ya kufuata jibu jepesi.

Lakini kuna umbali mkubwa kati ya mtu aliyepata majibu mawili akafuata anayemwamini zaidi kwa elimu, na mtu aliyezunguka kutoka Langoni hadi Mkomani, akavuka hadi Malindi, akiuliza mpaka apate anayemwambia anachotaka. Huyu wa pili hakutafuta hukumu ya Mungu, ametafuta ruhusa. Na zaidi ya hapo kuna ubaya wa kubadilisha upande: leo ukitaka kumrudia mke unasema "mimi nafuata moja", kesho ukitaka kumnyima mke wa kaka yako mirathi ya mumewe unasema "kaka alimwacha tatu".

Shauri langu ni kwamba muulize mmoja, mwenye elimu ya mlango huo na anayewajua, kabla jambo halijawa jibu unalolitamani. Ukishaingia na tamaa ya jibu fulani, utasimulia kisa kwa namna ya kulipata, hata bila kujitambua.

Fatwa inanifunga kiasi gani?

Kwa sheria ya nchi haikufungi hata kidogo. Hakuna polisi atakayekuja kwa sababu hukufuata fatwa.

Katika dini, mambo yanakwenda kwa hatua. Jibu la mufti mmoja halikulazimu papo hapo ikiwa wapo wengine wenye elimu unaoweza kuwauliza. Linakulazimu, kwa kauli za wanazuoni, ukishaanza kulitenda, au moyo wako ukitulia kwamba ni haki, au ikiwa hakuna mufti mwingine wa kumfikia. Na ikiwa jambo lenyewe ni la maafikiano ya Waislamu wote, kama uharamu wa riba au wajibu wa eda, hapo hufungwi na fatwa, umefungwa na hukumu yenyewe, na mufti amekukumbusha tu.

Upande wa pili pia uko. Fatwa haihalalishi kilicho haramu kwako ikiwa wewe unajua siri ambayo mufti haijui. Mtume amemwambia sahaba Wabisa auulize moyo wake, hata kama watu watampa fatwa. Wengine huisoma hadithi hii kama ruhusa ya kufuata matakwa yao. Maana yake ni kinyume. Mume aliyekusudia talaka na akaapa kwa sheikh kwamba hakukusudia, amepata fatwa ya kukaa na mke asiye halali kwake. Karatasi anayo, na dhambi anayo.

Hukumu ya kadhi ina tofauti gani?

Kadhi husikiliza pande mbili, hupokea ushahidi na viapo, kisha huhukumu, na hukumu yake inalazimu. Kanuni ya fikihi ni kwamba hukumu ya hakimu huondoa tofauti: kadhi akishahukumu kwa kauli moja kati ya zile zenye khilafu baina ya wanazuoni, wenye kesi hawawezi tena kujitetea kwa fatwa ya sheikh mwingine.

Kenya, mamlaka hayo yamo katika ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Mahakama ya Kadhi inasikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, na ni pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake. Mizizi yake mwambaoni ni mirefu kuliko Katiba: Oktoba 1963, kabla ya uhuru, Waziri Mkuu wa Kenya na yule wa Zanzibar walibadilishana barua za makubaliano juu ya ukanda wa Pwani, na kubakishwa kwa makadhi kulikuwa sehemu yake. Asiyeridhika na hukumu hukata rufaa Mahakama Kuu.

Kwa mke wetu tofauti hii si ya vitabuni. Sheikh akimwambia "umeachika", hilo linamtosha kujua asikae chumba kimoja na yule mume. Halimtoshi kudai matumizi ya eda na ya watoto kwa nguvu ya sheria, wala kuonyesha ofisini kwamba ndoa imekwisha, wala kuolewa tena bila mizozo. Kwa hayo aende Mahakama ya Kadhi, na aende na ule ujumbe. Nimeona wanawake wanaufuta kwa uchungu au kwa aibu. Usifute. Uhifadhi pamoja na tarehe na saa yake, kwa sababu eda huhesabiwa tangu talaka ilipopita, si tangu siku uliyopata karatasi.

Na kama mke ana hakika mume anadanganya?

Hili ni swali gumu kuliko yote, na linaonyesha mpaka kati ya fatwa na hukumu. Katika kinaya, mbele ya kadhi, neno la mume kuhusu nia yake hukubaliwa pamoja na kiapo, kwa kuwa hakuna shahidi wa moyo. Kadhi anahukumu kwa kinachoonekana. Mtume mwenyewe amesema, katika hadithi ya Ummu Salama, kwamba yeye ni binadamu, huenda mmoja akawa mjuzi wa hoja kuliko mwenzake, na atakayehukumiwa haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto.

Sasa ikiwa mke alimsikia kwa masikio yake akitamka tatu kwa neno la wazi, kisha mume akakana na hakuna shahidi, kadhi hana budi kumwapisha mume. Lakini fatwa ya mke kati yake na Mola wake ni nyingine: asimpe nafasi ya unyumba, ajitoe kwa njia anayoiweza, ikiwemo kujivua kwa khului, yaani kumrudishia mume mali kwa kukubaliana waachane. Tahadhari, hiyo ni kwa mwenye yakini. Dhana, au kusimuliwa na jirani, havitoshi.

Nimemsikiliza sheikh wa Misri mtandaoni, kasema tatu ni moja. Si jibu tosha?

Ni jibu la watu wake. Misri, tangu mwaka 1929, sheria ya nchi imehesabu talaka iliyofungamana na idadi kuwa moja, na masheikh wake wengi wanajibu watu wanaoishi chini ya sheria hiyo. Nawawi naye ameandika kwamba haifai mufti ajibu maswali ya viapo, ikrari na mambo mengine yanayotegemea matamko ya watu, ila awe ni mtu wa mji ule au anajua wanavyotumia maneno yao. Mume wetu aliandika "nenda kwenu". Pwani maneno hayo husemwa na mume aliyeacha, na pia husemwa na mume aliyechoka na ugomvi anayetaka mkewe akapumzike kwa mama yake siku mbili. Mtu wa Lamu anazijua sauti zote mbili. Darsa za mtandaoni zina faida kubwa katika kufunza. Kisa chako mwenyewe kipeleke kwa anayeweza kukuuliza na kukuelewa.

Tangazo la mwezi ni fatwa au hukumu?

Kadhi Mkuu hutangaza, na wengi huifuata, na ni vizuri umma uwe pamoja. Kwa Katiba, mwezi hauko katika mambo aliyopewa kuhukumu, kwa hiyo hakuna anayeshtakiwa kwa kufunga au kufungua siku nyingine. Ndiyo maana Lamu na Malindi kuna miaka nyumba mbili za mtaa mmoja husherehekea Idi siku mbili tofauti.

Sheikh anaruhusiwa kuchukua malipo?

Wanazuoni wa Shafii wamemkataza mufti kumtoza anayemuuliza. Riziki kutoka mfuko wa Waislamu inafaa, na zawadi hawakuikataza, ila ikiwa imetolewa ili ajibu anavyotaka mtoaji hiyo ni rushwa. Bei ikitajwa kabla ya jibu, ondoka.

Ikibainika baadaye kwamba fatwa ilikuwa na kosa?

Ikiwa mufti mwenyewe amerejea kauli yake na wewe hujaitenda, usiitende tena. Ikiwa umeshaitenda, na aliyokosea ni jambo lililo wazi katika Qurani au lenye ijmaa, ni lazima ubadilishe. Ikiwa ni jambo la khilafu na ijtihadi, yaliyopita hayavunjwi.

Lakini mara nyingi kosa halikuwa la mufti, lilikuwa la habari aliyopewa. Mume wa Malindi akija baada ya miezi miwili, roho imemsuta, akakiri kwamba usiku ule alikusudia kweli, ile fatwa ya kwanza haimlindi tena, kwa sababu ilijengwa juu ya kiapo cha uongo. Talaka inahesabiwa tangu usiku wa ujumbe. Kama hawajakaa pamoja tangu hapo, eda nayo imekuwa ikienda wakati wote huo, na huenda imekaribia kwisha. Ikiwa ni talaka moja na twahara ya tatu haijamalizika, bado ana nafasi ya kutamka kurejea. Kama wamekaa pamoja, hesabu inabadilika na si ya kuifanya wenyewe. Kwa hali zote mbili watengane chumba jioni ile ile, na asubuhi warudi wote wawili kwa sheikh yule yule, mume aanze kusimulia upya tangu simu ilipokatwa.